Tangazo la kukata maji kwa ajili ya ujenzi: je, ni busara kuandika saa ambayo maji yatarudi?

#1 Msimamizi_Ndendere

Habari zenu wana jukwaa. Ninasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa mbili huko Ndendere, hapa Bukavu, kwenye avenyu inayopanda mlima kutoka barabara kubwa. Jumanne ijayo wafanyakazi wa shirika la maji watafunga vane iliyo chini ya avenyu, ili fundi wetu akate bomba la PVC la milimita 63 linalopita mbele ya kiwanja na kuingiza te kwa ajili ya tawi jipya. Kiwanja chetu kiko katikati ya mteremko. Bomba lote lina urefu wa takriban mita 300, na parseli ya juu kabisa imeinuka kama mita 25 kuliko ile ya chini.

Nimeandaa tangazo hili: «Majirani wapendwa, Jumanne maji yatakatika kuanzia saa 2 hadi saa 7 kwa sababu ya kazi za ujenzi. Tunaomba radhi.»

Mwenye nyumba ananitaka nifute maneno «hadi saa 7». Hoja yake ni kwamba ukiwapa majirani saa ya kurudi, robine ikichelewa hata kidogo watafika kwenye shantie kudai, lakini usipowapa saa watangoja kwa utulivu. Ninaelekea kukubaliana naye, ila nataka kwanza kusikia kutoka kwa waliowahi kufanya kazi hii.

#2 MamaDuka_Kadutu

Huyo mwenye nyumba hajawahi kuchota maji kwa kichwa. Mimi ninauza chakula, na nisipojua maji yatarudi lini siwezi kuamua kama ninunue bido kumi kwa wachuuzi asubuhi au ningoje mchana. Tangazo lisilo na saa ya kurudi linaniambia kwamba mjenzi mwenyewe hajui anachokwenda kufanya.

#3 Kijana_Wa_Himbi

Huku Goma tumezoea. Umeme ukikatika jioni, tunawasha kibatari na maisha yanaendelea. Kwa nini watu wa Bukavu mnapenda matangazo?

#4 Msimamizi_Ndendere

Ndugu wa Himbi, swali langu linahusu maji, tena ni kazi iliyopangwa, si delestaji.

#5 Kijana_Wa_Himbi

Samahani, nilisoma kichwa haraka. Hata hivyo kwetu mambo hayo mawili hayaachani, kwa sababu maji ya Goma husukumwa kutoka ziwani kwa pampu, kwa hiyo umeme ukizimwa kwenye pampu na robine hukauka baadaye kidogo. Ninyi maji yenu mengi yanatoka Murhundu huko juu, mnateremshiwa kwa bure.

#6 Fundi_Bomba_Kadutu

Msimamizi, saa ya kurudi ni lazima iandikwe, lakini saa saba uliyoiandika si ya kweli, na nitakuonyesha kwa nini.

Tuseme vane inafungwa saa mbili kamili asubuhi. Bomba haliwi kavu wakati huo huo. Kiwanja chako kiko katikati ya mteremko, kwa hiyo maji yote yaliyo kwenye nusu ya juu ya bomba yatateremka na kumwagikia hapo utakapokata. Bomba la milimita 63 hubeba takriban lita mbili na nusu kwa kila mita, hivyo mita 150 zilizo juu yako zina lita karibu 375. Usipowahi kuyatoa maji hayo, yataendelea kuchuruzika kwenye mdomo wa bomba wakati unapaka gundi, na gundi ya PVC haishiki kwenye sehemu yenye unyevu. Hesabu nusu saa ya kuyatoa na kufuta.

Kukata, kulainisha midomo, kupima te na kuunganisha kutachukua saa nzima ikiwa shimo lilichimbwa jana yake na lina nafasi ya kutosha kwa mikono miwili. Sasa tuko saa tatu na nusu. Baada ya hapo gundi inatakiwa kukaa kabla ya kupewa msukumo. Mafundi wengi hufuata kanuni ya saa moja kwa kila bar ya msukumo, na kwa avenyu yenye mwinuko wa mita 25 mnahitaji zaidi ya bar mbili na nusu huko chini ili maji yafike tu juu. Tuseme ni bar tatu na nusu chini. Kwenye kiwanja chako msukumo utakuwa mdogo kidogo kuliko huo, lakini mimi huhesabu saa nne ili nisifukue mara ya pili. Hivyo vane inaweza kufunguliwa saa saba na nusu mchana, na hapo bado hatujazungumzia saa ya kufika kwa maji kwenye nyumba za watu.

#7 Injini_Mdogo

Mkubwa, hapo umezidisha. Gundi ya PVC hukauka kwa dakika kumi na tano. Nimeshika viungo kwa mikono yangu, huwezi kuvitenganisha hata ukivuta. Ukifungua vane saa nne asubuhi watu wana maji kabla ya kupika.

#8 Fundi_Bomba_Kadutu

Ni kweli kwamba baada ya dakika kumi na tano huwezi kukitenganisha kiungo kwa mkono, lakini mkono wako hausukumi kama maji. Ndani ya kiungo gundi bado ni laini, na maji yakija kwa nguvu hujitafutia njia nyembamba ambayo huioni siku hiyo. Dalili yake ni unyevu kuzunguka te baada ya siku mbili au tatu, wakati umeshafukia na kushindilia. Soma maandishi ya kopo unalotumia, kwa sababu muda hubadilika kulingana na kipenyo cha bomba na baridi, na asubuhi za Bukavu si za joto.

Kuna njia ya kuukwepa muda huo wa kungoja. Ukitumia viungo vya kukaza kwa nati na mpira badala ya gundi, unaweza kufungua maji mara tu unapomaliza kukaza. Vinagharimu zaidi, lakini majirani wanapata maji mapema zaidi kwa muda wa saa nne. Hilo ndilo jambo ambalo msimamizi anapaswa kumwambia mwenye nyumba: asibishane juu ya maneno ya tangazo, achague kiungo.

#9 Katuba_Lushi

Kutoka Lubumbashi nauliza jambo dogo: kwa nini mfunge maji kabisa? Kwetu Katuba niliona wakiweka koliye juu ya bomba, wakalikaza, wakalitoboa likiwa na maji ndani, na hakuna jirani aliyejua.

#10 Fundi_Bomba_Kadutu

Swali zuri. Koliye inafaa kwa tawi jembamba, kwa mfano la kupeleka maji kwenye nyumba moja, ikiwa shirika lina chombo cha kutobolea bomba lenye msukumo na bomba lenyewe si la zamani lililochakaa. Nyumba ya ghorofa mbili yenye wapangaji wengi inaweza kuhitaji tawi pana zaidi, na hapo te ina maana. Msimamizi hakutuambia upana wa tawi.

#11 Msimamizi_Ndendere

Tawi ni la milimita 40, na kutakuwa na vane yetu wenyewe kwenye te. Wafanyakazi wa shirika ndio waliopendekeza kukata, nami sikuwauliza kuhusu koliye. Nitawauliza.

#12 Mwalimu_Nguba

Kabla hamjaendelea na mabomba, irekebisheni saa yenyewe. Msimamizi ameandika «saa 2 hadi saa 7». Bibi yangu ataelewa kwamba ni asubuhi hadi mchana. Mpangaji wangu, ambaye husoma saa kwa Kifaransa na kutazama simu, anaweza kuelewa kwamba maji yanakatika usiku wa manane na kurudi alfajiri, kisha ataamka saa moja na kuoga bila haraka akidhani shida imekwisha. Andikeni namna zote mbili: saa mbili asubuhi, 8h00.

#13 MamaDuka_Kadutu

Na mwenye kiwanja akiwa anapiga simu kutoka Kinshasa, aulizwe kwanza anazungumzia saa ya wapi, kwa maana wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Labda ndiyo sababu hataki kuandika saa!

#14 Msimamizi_Ndendere

Mama, umejuaje kwamba yuko Kinshasa?

#15 Juu_Kabisa

Mimi ninaishi kwenye parseli ya mwisho ya avenyu ya namna hiyo hiyo, si yenu lakini inafanana. Mwaka jana mjenzi mmoja alitutangazia kwamba maji yangerudi saa nane mchana. Nyumba za chini zilipata maji saa nane kweli, na mjenzi akaondoka akiwa na dhamiri safi. Sisi wa juu tulipata usiku. Nilipomwendea siku ya pili alinijibu kwamba alifungua kwa saa aliyoahidi na kwamba picha ya vane anayo kwenye simu. Nawauliza mafundi: nani alidanganya hapo?

#16 Injini_Mdogo

Hakuna aliyedanganya. Ni hewa. Bomba likikaushwa hujaa hewa, na maji yakirudi huisukuma hewa hiyo hadi sehemu ya juu kabisa, ikabanwa huko kama kizibo. Ungefungua robine yako mapema hewa ingetoka na maji yangefika.

#17 Fundi_Bomba_Kadutu

Injini mdogo, sasa uko karibu na ukweli kuliko ulivyokuwa kwenye #7, lakini hewa hueleza sehemu tu ya habari. Kwenye avenyu inayopanda moja kwa moja, hewa hutoka yenyewe kupitia robine za juu kwa sababu hupenda kupanda. Hunaswa pale ambapo bomba linapanda, linashuka kidogo, halafu linapanda tena.

Tutazame matangi. Kujaza bomba tupu la mita 300 kunahitaji lita 750 hivi. Ikiwa vane inaleta lita moja kwa sekunde, bomba linajaa kwa chini ya robo saa. Lakini chukua mfano wa nyumba kumi na mbili za chini zenye tangi la lita 1,000 kila moja, na asubuhi hiyo kila nyumba imetumia nusu ya tangi lake. Maji yakirudi, floteri zote kumi na mbili ziko wazi kwa pamoja na zinadai lita 6,000. Ongeza nyumba ishirini zisizo na matangi, ambazo kila moja inajaza bido tano za lita 20, hizo ni lita 2,000 nyingine. Jumla ni lita 8,000, na kwa lita moja kwa sekunde ni saa mbili na robo. Kwa muda huo wote msukumo hupungua chini, na yule wa juu, ambaye hata siku ya kawaida hubakiwa na kama bar moja tu, hupata matone au hapati kabisa.

Kwa hiyo, vane ikifunguliwa saa saba na nusu, saa ya kweli ya nyumba za juu ni karibu saa kumi alasiri. Tangazo la haki lina saa mbili za kurudi: saa ya kufungua vane, na saa ambayo parseli za juu zitarajie maji.

#18 Juu_Kabisa

Asante, Fundi. Lakini sisi tulipata maji saa tatu za usiku, si saa kumi. Hesabu yako inanipa saa mbili na robo baada ya kufunguliwa, nami nilingoja saa saba.

#19 Fundi_Bomba_Kadutu

Basi kulikuwa na jambo jingine. Huenda vane ilifunguliwa nusu tu, jambo ambalo hutokea kwa sababu hufunguliwa polepole ili maji yasigonge viungo, kisha mfunguaji husahau kuimalizia. Au ujazo unaokuja kwenu ni mdogo kuliko lita moja kwa sekunde. Unaweza kupima siku ya kawaida: mtu wa chini afungue bomba lisilo na kichujio na ahesabu sekunde za kujaza bido moja, halafu nawe upime juu wakati huo huo.

#20 Jirani_Mpole

Mimi ninadhani ni pampu. Kuna watu wanaofunga pampu ya kuvuta moja kwa moja kwenye bomba la avenyu. Maji yakirudi tu, wanaiwasha, na nyumba zote zilizo juu yao zinakauka. Usiku wanapolala, wa juu wanapata. Saa tatu za usiku zinalingana na hilo.

#21 Juu_Kabisa

Iko nyumba moja yenye pampu. Sitaitaja.

#22 Injini_Mdogo

Bado nasema hewa.

#23 Muuguzi_Wa_Usiku

Ninyi mnahesabu lita, mimi nataka kuongeza jambo ambalo halimo kwenye tangazo la msimamizi, nalo ni mipira. Katika parseli nyingi za juu mtu huacha mpira umefungwa kwenye robine na ncha yake imezama kwenye fi la maji au beseni la nguo. Bomba la chini likikatwa na maji yakaanza kuteremka, mpira huo hunyonya. Maji ya beseni huingia kwenye bomba la avenyu na kushuka hadi kwa majirani wa chini, ambao saa nane watayanywa wakiamini ni maji ya shirika. Katika mji unaoijua kipindupindu hilo si jambo dogo.

Tangazo liseme wazi kwamba ifikapo saa mbili asubuhi kila robine iwe imefungwa na kila mpira uondolewe. Liseme pia kwamba maji ya kwanza yatakuwa na udongo, yatumiwe chooni au kumwagilia hadi yatakate, na kwamba siku hiyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

#24 Fundi_Bomba_Kadutu

Mama Muuguzi, nakuheshimu na nakubali habari ya mipira, ila ukifunga robine zote mimi siwezi kukausha bomba. Maji hayashuki vizuri kama hewa haiingii kwa nyuma. Ninahitaji robine ya juu kabisa iwe wazi.

#25 Muuguzi_Wa_Usiku

Iwe wazi moja, isiyo na mpira, tena iliyoinuka juu ya ndoo, na awepo mtu wa shantie amesimama hapo. Tangazo likiambia avenyu nzima iache robine wazi, maji yakirudi watu wako kazini na nyumba zao zitafurika. Nimeshuhudia godoro likielea.

#26 Fundi_Bomba_Kadutu

Hapo tumeafikiana. Na mtu huyo huyo abaki hapo wakati wa kufungua, kwa sababu robine hiyo ndiyo itakayotoa hewa ambayo Injini mdogo anaipenda. Maji yakitoka pale bila kutema hewa, anapiga simu chini. Saa hiyo ndiyo saa halisi ya kurudi kwa maji, na ndiyo inayostahili kutangazwa kwa majirani, kuliko picha ya vane.

#27 Mhasibu_Ibanda

Napendekeza jambo ambalo halina gharama. Mwenye tangi aombwe kufunga vane ya tangi lake asubuhi na kuifungua saa kumi alasiri tu, baada ya nyumba za juu kupata maji. Lita 6,000 za #17 zitahamia alasiri na wa juu watapata maji ndani ya dakika arobaini na tano hivi badala ya saa mbili.

#28 Jirani_Mpole

Ndugu Mhasibu, unaishi avenyu gani ambayo watu wataacha matangi yao tupu kwa ajili ya jirani?

#29 Mhasibu_Ibanda

Matangi yao hayatakuwa tupu, yatakuwa nusu. Na si lazima wakubali wote kumi na wawili. Wakikubali sita tu tayari lita 3,000 zimeondoka kwenye foleni.

#30 MamaDuka_Kadutu

Ombi hilo likitoka kwa mjenzi halitasikilizwa. Likisomwa na shefu wa avenyu, akipita parseli kwa parseli, baadhi watalisikiliza. Na asipite wiki moja kabla, kwa sababu kufikia Jumanne watakuwa wamesahau. Karatasi ibandikwe Jumamosi, isomwe baada ya ibada Jumapili, na Jumatatu jioni apite mtu mwenye megafoni, watu wakiwa nyumbani na robine zikiwa bado na maji ya kujazia bido.

#31 Katuba_Lushi

Kwetu Jumapili makanisa yana matangazo mengi hadi tangazo la maji linapotea kati ya harusi na michango. Kikundi cha WhatsApp cha avenyu kinatosha.

#32 MamaDuka_Kadutu

Kinatosha kwa mwenye simu yenye chaji na megabaiti. Anayechota maji nyumbani kwangu ni msichana wa miaka kumi na minne, naye hayumo kwenye kikundi chenu.

#33 Waya_Na_Nguzo

Nimesoma uzi wote. Msimamizi, kiwanja chako kina nguzo ya umeme karibu? Ghorofa mbili inahitaji jukwaa la mafundi, na mara nyingi waya wa kuingilia nyumba ya jirani hupita hapo hapo.

#34 Msimamizi_Ndendere

Ndiyo, waya wa jirani mmoja unapita juu ya kona ya jengo. Kampuni ya umeme itakuja Alhamisi kuuhamisha, na wamesema watazima mtaa kwa saa tatu, kuanzia saa tatu asubuhi (9h00) hadi saa sita mchana (12h00). Nilikusudia kutumia tangazo lile lile na kubadilisha tu neno «maji» kuwa «umeme».

#35 Waya_Na_Nguzo

Usifanye hivyo, kwa sababu saa ya kurudi kwa umeme haifanyi kazi kama ya maji. Maji yakiwahi kurudi, hakuna anayeumia. Umeme ukiwahi kurudi, aliyepanda juu ya bati kurekebisha waya wake kwa kuwa karatasi ilisema «hadi saa sita» anaweza kufa saa tano. Tangazo la umeme liseme kwamba waya zote zihesabiwe kuwa na umeme muda wote, hata saa ambazo taa hazikuwaka, kwa kuwa kazi ikimalizika mapema umeme utarudishwa bila taarifa nyingine. Saa sita ni makadirio ya mwisho wa kazi, si ruhusa ya kugusa waya.

Jambo la pili ni jenereta. Jirani akizimiwa umeme atawasha jenereta, na kama ameiunganisha kwenye soketi bila swichi ya kubadilishia, umeme wake unatoka nje kupitia mita na kurudi kwenye nguzo ambako mwenzangu ameshika waya. Mwenye jenereta asiye na swichi hiyo asiiunganishe kabisa na nyumba. Achomeke friji moja kwa moja kwenye jenereta. Na umeme ukirejea, majirani waache taa moja tu ikiwaka na wangoje dakika kadhaa kabla ya kuwasha friji na vitu vingine, kwa sababu mwanzoni unaweza kuyumba.

#36 Injini_Mdogo

Lakini si wenye nguzo hufunga waya zao kwenye ardhi kabla ya kazi? Jenereta ya jirani haiwezi kuwadhuru.

#37 Waya_Na_Nguzo

Wanapaswa kufanya hivyo, na mimi hufanya. Sitaki, hata hivyo, maisha yangu yategemee kinga moja wakati karatasi ya msimamizi ingeweza kuongeza ya pili.

#38 Mhasibu_Ibanda

Je, isingekuwa bora kazi zote mbili zifanyike Jumanne, watu waumie mara moja?

#39 Fundi_Bomba_Kadutu

Hapana. Walio na pampu ya kupandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu watakosa hata akiba yao.

#40 Jirani_Mpole

Kwangu mimi ni afadhali siku moja mbaya kuliko mbili. Na pampu ya yule jirani wa #21 ingezimwa pia, tungeona kama maji yanapanda.

#41 Msimamizi_Ndendere

Asanteni. Nimezungumza na wafanyakazi wa shirika la maji: koliye wanayo, lakini bomba lile liliwahi kupasuka mara mbili na hawataki kulitoboa likiwa na msukumo. Mwenye nyumba amekataa viungo vya nati kwa sababu ya bei, hivyo tunabaki na gundi. Hili ndilo tangazo la maji, la umeme litakuwa karatasi nyingine:

«Jumanne, maji ya avenyu yatafungwa saa mbili asubuhi (8h00) ili kuunganisha bomba jipya. Vane itafunguliwa saa saba na nusu mchana (13h30). Parseli za chini zitarajie maji saa nane (14h00), za juu saa kumi alasiri (16h00). Kabla ya saa mbili asubuhi tafadhali fungeni robine zote na kuondoa mipira kwenye mafi na mabeseni. Mwenye tangi anaombwa asilijaze kabla ya saa kumi. Maji ya kwanza yatakuwa na udongo, msiyanywe. Kazi ikichelewa, shefu wa avenyu atawatangazia saa mpya ifikapo saa sita mchana (12h00).»

Chini kutakuwa na namba ya simu yangu, si ya mwenye nyumba.

#42 Mwalimu_Nguba

Ni refu kwa karatasi ya kubandika ukutani, lakini linasomeka. Saa ziandikwe kwa herufi kubwa kuliko maneno mengine.

#43 Juu_Kabisa

Saa sita mtajuaje kwamba mmechelewa? Gundi itakuwa bado inakauka.

#44 Fundi_Bomba_Kadutu

Tutajua, kwa sababu kinachochelewesha huwa ni kukata na kukausha bomba. Kama te haijaingia saa tatu na nusu, kila nusu saa inayopotea pale inasogeza mbele saa zote zinazofuata kwa nusu saa. Hata saa nne asubuhi msimamizi anaweza kutoa saa mpya, hana sababu ya kungoja saa sita.

#45 Jirani_Mpole

Na yule mwenye pampu, naye amepewa karatasi? Tangazo linawaombea wenye matangi, lakini neno «pampu» halimo.

#46 Msimamizi_Ndendere

Kwenye avenyu yetu sijui kama yupo. Nikiandika «pampu» kwenye karatasi ya ukutani, kila mtu atamtazama jirani yake. Shefu ameshauri aliseme kwa mdomo anapopita.

#47 Juu_Kabisa

Shefu wetu sisi ndiye mwenye pampu.